Vishoka wa udahili: namba ya simu iliyo kwenye maombi ya mwanao ni ya nani?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili wa shahada ya kwanza likafunguliwa, ofisi yetu ya udahili hapa chuoni hupokea wazazi wa aina mbili. Wapo wanaokuja kuuliza sifa za programu, nao huondoka na majibu yao baada ya dakika chache. Wapo pia wanaokuja na bahasha na meseji za miamala, wakitaka kujua kwa nini nafasi waliyokwisha kuilipia haionekani. Msimu huu hawa wa pili wameongezeka, na malalamiko yao yanafanana mno. Ndiyo sababu nimeona niandike.

Mama mmoja alifika kwetu Jumatatu asubuhi akitokea Singida, pamoja na kijana wake. Alikuwa na barua yenye nembo ya chuo na muhuri wa bluu, ikisema kijana amechaguliwa kusoma Udaktari wa Tiba. Alikuwa amemlipa mtu aliyejiita wakala wa vyuo vikuu shilingi 700,000 kwa kuanzia, kisha 500,000 barua ilipotoka. Sasa wakala alikuwa anadai nyingine 300,000 za "kufungua namba ya kuthibitisha". Hizo ndizo zilizomshtua. Tunashukuru kwamba alipanda basi kabla ya kuzituma.

Tuliingiza namba ya mtihani ya kijana kwenye mfumo. Maombi yake yalikuwepo, ila namba ya simu na barua pepe vilivyojazwa havikuwa vyake. Udaktari wa Tiba ulikuwa chaguo la kwanza na hakuchaguliwa. Alichaguliwa katika chaguo la tatu, Sayansi na Ualimu kwa masomo ya Kemia na Biolojia. Tena alikuwa amechaguliwa na chuo kingine, ambako wakala alimwombea bila kumwambia. Kwa hiyo mama alishika mkononi barua ya uongo, na nafasi ya kweli ya mwanawe ilikuwa imefungwa ndani ya simu ya mtu asiyemfahamu.

Nieleze ilivyokuwa, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Mpaka mwaka 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na anaruhusiwa kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Anajisajili kwa namba ya mtihani, na mfumo unachukua matokeo yake kutoka Baraza la Mitihani. Mwenye diploma anatumia namba ya uhakiki wa tuzo anayoipata Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Hakuna mahali popote mzazi, afisa wala wakala anapojaza alama kwa mkono. Sisi tukishachagua, tunapeleka orodha TCU, nao wanahakiki kila jina kwa kulinganisha sifa za programu na idadi ya nafasi iliyoidhinishwa. Jina lisilo na sifa linarudi. Ndipo majina yanatangazwa.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Alikuwa na C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kima cha chini cha kuingia chuo kikuu kwa mwenye cheti cha kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na programu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Biolojia na Kemia zilimpa 5, kwa hiyo sifa za Sayansi na Ualimu alikuwa nazo tangu siku matokeo yalipotoka. Udaktari wa Tiba unataka zaidi ya kima hicho, na unaangalia masomo yote matatu kila moja kwa alama yake. E ya Fizikia peke yake ilitosha kumtoa. Haya yote yamo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na TCU kila mwaka katika www.tcu.go.tz, bila malipo, kimoja kwa wenye kidato cha sita na kingine kwa wenye diploma. Kwa kweli inaumiza kuona mzazi anatoa zaidi ya milioni moja kabla ya kufungua ukurasa mmoja wa kitabu hicho.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Kishoka hana nafasi ya kuuza. Anachouza ni matokeo ya mtoto wako mwenyewe. Tuseme amepata wazazi 20, na kila mmoja ametoa 800,000. Anawaombea watoto wote vyuo vitatu vitatu, kazi ambayo kijana yeyote aliyemaliza kidato cha sita anaiweza kwa simu. Watoto 12 wanachaguliwa kwa sababu wana sifa. Wazazi wao wanaamini amewasaidia, na mwakani watampeleka kwa jirani na kwa shemeji. Hao 12 wamempa 9,600,000. Wale 8 waliobaki, akiwa muungwana anawarudishia, ndiyo maana anasema kwa kujiamini "usipopata, hela yako inarudi". Asipokuwa muungwana anabadilisha laini. Kwa vyovyote hakumwingiza mtoto hata mmoja ambaye asingeingia mwenyewe.

Wazazi hunijibu, "Lakini mtoto wa fulani aliingia kwa njia hiyo." Aliingia kwa alama zake. Wengine husema mkuu wa chuo ana nafasi zake za pembeni, au kwamba chuo binafsi ukilipa unaingia. Nimechoka kulisikia hili, na ninaomba lieleweke: chuo cha umma na chuo binafsi vinapeleka majina kwenye uhakiki uleule, kwa kima kilekile cha chini. Nafasi ya pembeni isiyopita TCU haina faida kwa mwanao, kwa sababu atasoma programu ambayo kwenye kumbukumbu hayumo, na hata Bodi ya Mikopo haitamwona.

Kuhusu hiyo "namba ya kuthibitisha". Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe chuo kimoja tu, ndani ya muda uliotangazwa. Anatumiwa namba maalumu ya siri kwa meseji au barua pepe, kwenye anwani zilezile alizojaza wakati wa kuomba, kisha anaiingiza kwenye mfumo wa chuo alichokichagua. Namba hiyo haina bei. Isipofika, mwombaji anaingia kwenye akaunti yake ya maombi na kuomba itumwe tena. Lakini akaunti ikiwa imefunguliwa kwa simu ya kishoka, namba inakwenda kwa kishoka, naye anaishikilia mpaka alipwe. Muda ukipita bila kuthibitisha, nafasi inapotea. Mimi naliona hili kuwa baya kuliko barua ya kughushi, kwa sababu barua inapoteza pesa, na hili linaweza kumpotezea mtoto mwaka.

Sisemi kwamba kusaidiwa ni kosa. Kijana asiye na simu janja akienda steshenari, akalipa elfu mbili tatu za kuchapiwa na kuskaniwa vyeti, hajavunja sheria yoyote. Cha kuangalia ni kwamba akaunti ifunguliwe kwa simu na barua pepe yake, neno la siri abaki nalo yeye, na ada ya maombi ilipwe kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo, si kwa namba ya mtu. Ukiona jina la mtu binafsi linatokea kabla ya kuweka namba yako ya siri ya kulipia, simama hapohapo. Kuna pia mawakala wa kupeleka wanafunzi vyuo vya nje ya nchi. Hao ni suala jingine, wanatakiwa kutambuliwa na TCU, na kutambuliwa huko hakumpi yeyote ruhusa ya kuuza nafasi za vyuo vya hapa nchini. Kwa vyuo vya ndani TCU imekuwa ikitahadharisha waombaji dhidi ya wanaojiita mawakala, na kuwaelekeza waende chuoni moja kwa moja.

Barua ya kudahiliwa haihakikiwi kwa muhuri. Muhuri unachongwa mtaani. Tafuta jina na namba ya mtihani kwenye orodha ya waliochaguliwa iliyotangazwa na chuo, au ndani ya akaunti ya mwombaji. Lisipokuwepo, piga simu iliyo kwenye tovuti ya chuo, usipige ile iliyoandikwa kwenye barua.

Sasa sheria. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Kughushi barua ni kosa la peke yake, mbali na hilo. Lakini wazazi wasome na upande wao. Kishoka akikwambia sehemu ya pesa ni ya afisa udahili, nawe ukatoa kwa nia hiyo, umeingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 15 kinamgusa anayetoa sawa na anayepokea. Hilo ndilo linalowafanya wengi wanyamaze wakitapeliwa, na vishoka wanalijua. Afisa akitajwa kwa jina kabla hujatoa kitu, piga TAKUKURU namba 113, bila malipo.

Kama pesa imeshatumwa, saa za mwanzo ndizo zenye maana. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala wa fedha, kuirudisha ni kazi ya polisi na mahakama. Tuma meseji ya kitapeli kwenda 15040 na kufuata maelekezo. Usifute mazungumzo ya simu hata kama yanakutia aibu. Nenda kituo cha polisi ukafungue jalada na upewe RB, kisha uilete chuoni pamoja na barua uliyopewa.

Kwa kijana wa Singida tulihitaji cheti chake cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na barua aliyoiandika kwa mkono kueleza kwamba akaunti ilifunguliwa na mtu mwingine. Alikuja mwenyewe, kwa kuwa hatubadilishi taarifa za mwombaji kwa maelezo ya mzazi peke yake. Namba ya simu ilibadilishwa siku ileile, namba ya siri ikatumwa upya, akathibitisha akiwa amesimama mbele ya dirisha letu, siku nne kabla ya mwisho. Mama aliuliza kama 1,200,000 zitarudi. Tulimwelekeza polisi, na mpaka ninaandika haya namba aliyoitumia pesa hizo haipatikani.