Kitabu cha baharia si viza, na kusaini meli si kutoka Ulaya

"Nina kitabu cha baharia, viza ya nini tena?" Swali hili halichoki, na anayeliuliza mara nyingi tayari ana tiketi ya kesho usiku. Basi tulimalize.

Kitabu cha baharia ni kumbukumbu ya kazi: meli gani, cheo gani, ulisaini lini kujiunga na meli, ulishuka lini. Kipo pia kitambulisho cha baharia cha mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 185 wa mwaka 2003, uliorekebisha ule wa namba 108 wa 1958. Hicho kina nguvu kidogo zaidi. Meli ikifunga gati, kinakusaidia kushuka kutembea bandarini na mji wa jirani bila viza, katika nchi zinazokitambua. Ukija kwa ndege kupanda meli, kinasindikiza pasipoti tu, na nchi ina haki ya kukudai viza.

Imani potofu inazaliwa hapo hapo. Jamaa alishuka meli Rotterdam, akanunua viatu mjini, akarudi melini bila kuulizwa viza. Akiwa Tandika anamwambia mdogo wake kwamba Ulaya baharia haulizwi. Mdogo wake naye anaipeleka hadithi hiyo kaunta ya ndege, ambako haina kazi. Marekani hata ile ya viatu haipo. Viza ya jumla kwa orodha nzima ya wafanyakazi wa meli ilifutwa mwaka 2004, na leo kila mmoja anatakiwa kuwa na D yake, viza ya mfanyakazi wa meli, kwenye pasipoti. Asiye nayo anabaki melini akiutazama mji kwa mbali. Anayeingia kwa ndege kwenda kupanda meli anahitaji na C1, viza ya kupita, ndiyo maana wengi wanapewa C1/D. Na mwisho wa kukaa ni siku 29, haziongezwi.

Barua ya wakala wa meli, ile unayoionyesha kaunta ya ndege, nitaipita haraka. Iwe na jina la meli, namba ya IMO inayoitambulisha meli, yenye tarakimu 7, bandari, tarehe ya meli kufika, simu ya wakala inayopokelewa usiku, na ahadi ya kampuni kulipa safari ya kukurudisha. Bila hiyo, tiketi ya kwenda tu inakuweka kando pale kaunta, na mhudumu hana kosa: shirika lake ndilo litakalobeba gharama ukikataliwa huko.

Sasa hili linaloniudhi kweli: "Ukishasaini meli, siku za Schengen zinasimama." Schengen ni zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na siku zake hazisimami kama meli haiondoki. Tarehe 5 Februari 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mabaharia waliosaini meli zilizokaa Rotterdam muda mrefu. Walitaka wagongewe muhuri wa kutoka siku ile ile ya kusaini. Mahakama ikasema muhuri unagongwa pale nahodha anapoiarifu mamlaka kwamba meli i karibu kuondoka. Kabla ya hapo, ingawa unalala melini, bado uko ndani ya Schengen na siku zinakula.

Chukua mfano. Fundi wa mitambo anaingia Amsterdam tarehe 3 Machi, meli iko kwenye chelezo, yaani kwenye matengenezo, Rotterdam, inaondoka 12 Mei. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia: Machi 29, Aprili 30, Mei 12. Jumla 71. Kikomo ni 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo anaonekana salama. Lakini ikiwa stika ya viza yake inasema siku 30, amezidisha 41, hata kama zile 90 hazijaisha. Kosa lilifanyika kwenye ombi la viza, ambapo barua iliandika "kupanda meli" bila kutaja chelezo.

"Karibu" ni saa ngapi? Mahakama haikutaja saa. Kwenye vitabu sheria hii imenyooka, lakini ratiba ya chelezo haijawahi kunyooka: bomba moja likivuja wakati wa majaribio, wiki imeondoka. Ndiyo maana naona heri kuomba siku nyingi kuliko ratiba inavyosema, na kuomba mapema. Baharia anaruhusiwa kuwasilisha ombi hadi miezi 9 kabla ya safari, wakati wasafiri wengine wana miezi 6.

Kisha Julai meli inarudi Antwerp na huyo fundi anashuka kwenda nyumbani. Siku anazo bado, 19. Lakini alipotoka kwa meli tarehe 12 Mei, huenda alimaliza ruhusa yake ya kuingia. Ukipokea pasipoti, kabla hujaondoka dirishani, soma stika sehemu mbili: `DURATION OF STAY` na `NUMBER OF ENTRIES`. Ikiwa hiyo ya pili imeandikwa `01` badala ya `MULT`, Antwerp utahitaji viza nyingine ya kukushusha.