Bei ya kufidia: hesabu ya kufanya kabla ya kufungia mahindi ghalani

Swali tunaloulizwa zaidi baada ya mavuno ni hili: "Mtaalamu, bei itapanda?" Kwa kawaida hupanda, kwa sababu kila mtu anauza kwa pamoja wakati wa mavuno na miezi michache baadaye soko linakaukiwa. Lakini mkulima anayeuliza hivyo ameruka swali moja muhimu zaidi: bei ipande hadi wapi ndipo kusubiri kulipe? Jibu la hilo hatuhitaji kulibashiri. Linapatikana kwa kalamu na karatasi, siku ileile mahindi yanapopukuchuliwa.

Tuchukue mkulima mwenye magunia 10 ya kilo 100, yaani kilo 1,000. Bei ya mavuno tuiite 100 kwa kilo, kwa sarafu yoyote unayotumia. Akiuza leo anapata 100,000. Ana mahitaji ya haraka ya 40,000, na anafikiria kukopa ili asiguse mahindi yake kwa miezi 6. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi.

Cha kwanza kupungua ni uzito, na hapa wengi hushtuka kwa sababu hakuna aliyeiba wala mdudu aliyekula. Mahindi yanayotoka shambani yakiwa na unyevu wa asilimia 17 hayawezi kukaa ghalani; lazima yakaushwe hadi 13. Katika kilo 1,000 za unyevu wa 17, kilo 830 ni punje kavu na zilizobaki ni maji. Ukifika unyevu wa 13, zile kilo 830 ndizo asilimia 87 ya mzigo wote, kwa hiyo mzigo mzima sasa ni kilo 954. Kilo 46 zimepanda angani. Mnunuzi wa siku ya mavuno mara nyingi angeyalipia hayo maji. Wa baadaye hatayalipia.

Usiruke hatua ya kukausha kwa kuogopa kupoteza uzito huo. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu ambayo haiishi kwa kuosha wala kupika. Kama huna kipimo cha unyevu, chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza theluthi moja kwa mahindi, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikishuka yote chini, umefika chini ya 15, lakini huenda bado hujafika 13. Anika tena siku moja au mbili za jua kali.

Kinachofuata ni wadudu, panya na kumwagika. Tuseme mkulima wetu ni mwangalifu na anapoteza asilimia 4 tu kwa miezi yote, nusu yake ikiwa ya wadudu. Zinabaki kilo 916. Mifuko, turubai, vibarua na ubebaji vinamgharimu 4,000. Riba ya 40,000 kwa asilimia 3 kwa miezi 6 ni 7,200.

Sasa jumlisha: 100,000 alizoacha kupokea leo, na 4,000, na 7,200, ni 111,200. Gawanya kwa kilo 916. Unapata 121 na ushei. Hiyo naiita bei ya kufidia: soko likifika 121, amesubiri miezi 6 na hajapata hata senti moja ya ziada. Ndiyo maana mtu anayesema "niliuza kwa 120, nimepata faida ya 20" amepata hasara bila kujua.

Ila hesabu hii ya jumla inaficha jambo, nami ningependa ulisome taratibu. Magunia 10 hayana gharama moja. Sita kati yake hayadaiwi. Manne ndiyo yanayobebwa na mkopo, kwa sababu angeyauza leo asingekopa. Piga hesabu ya kila kundi peke yake. Yale sita yana thamani ya 60,000, ongeza 2,400 za utunzaji, gawanya kwa kilo 549.5 zitakazobaki: bei ya kufidia ni karibu 114. Yale manne yana 40,000, ongeza 1,600 za utunzaji na riba yote ya 7,200, gawanya kwa kilo 366: ni 133. Soko likifika 125, magunia sita yanaleta faida ya karibu 6,290. Akiwa amehifadhi yote kumi kwa mkopo, faida inashuka hadi 3,300 hivi. Amehifadhi zaidi, amepata kidogo zaidi ya nusu. Na kama mkopo ni ule wa mtaani wa asilimia 10 kwa mwezi, magunia yale manne yanahitaji bei ifike 179.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye deni au shida ya haraka ni kuuza leo kiasi kinachotosha shida hiyo, na kuhifadhi kilichobaki. Mkopo wa kushikilia mazao unafaa pale tu riba ni ndogo na unajua ukubwa wa tofauti ya bei katika misimu kadhaa iliyopita, si msimu mmoja uliokuwa mzuri.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye mizani. Chota mahindi kutoka juu, katikati na chini ya gunia, changanya, hesabu punje 100 bila kuchagua, utenge zenye matundu. Kwa mahindi yaliyopukuchuliwa na kushambuliwa na fukusi, idadi ya punje zenye matundu ukiigawanya kwa 8 inakupa makadirio ya uzito uliopotea: punje 16 ni kama asilimia 2. Uzito ni mdogo, lakini mnunuzi haangalii uzito. Anaona punje 16 zilizotobolewa na anakata bei. Akikata asilimia 10, mkulima wetu wa magunia 10 anahitaji bei ya soko ya 135 badala ya 121. Ukikuta unga mwingi chini ya gunia, huenda ni dumuzi, na kanuni ya kugawanya kwa 8 haitoshi tena, maana huyo hula zaidi.

Mfuko usiopitisha hewa huua wadudu kwa kuwakosesha hewa, mradi umefungwa barabara na haujatobolewa. Haukaushi mahindi. Ukifungia mabichi ndani yake, unayaozesha.

Wadudu hawaongezeki sawasawa kila mwezi. Katika joto fukusi hukamilisha kizazi kwa wiki 5 hivi, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza huoni kitu, kisha wa nne na wa tano unaona wimbi. Mahindi yaliyo kwenye magunia ya kawaida yakaguliwe kila wiki 2. Mwisho wa kila mwezi andika bei ya soko, punje zenye matundu katika punje 100 na riba ya mwezi ujao. Kama bei ya mwezi ujao haitarajiwi kupanda kuliko riba na upungufu wa mwezi huo kwa pamoja, uza sasa, hata kama mpango ulikuwa miezi 6. Na mavuno mapya yakikaribia kukauka shambani, usingoje yafike sokoni.