Selza yenye kilevi, kokteli ya kopo na kinywaji cha kimea: kilevi chake hutoka wapi, na kina nguvu gani

Kwenye friji ya duka la Marekani, na siku hizi hata kwenye supamaketi kubwa za miji yetu, utakuta makopo membamba yenye picha za maembe, ndimu na matunda pori. Yote ni baridi, yote yana gesi, na mengi yana ladha ya soda. Mnywaji huyaweka kundi moja: "vile vinywaji vitamu vya kopo." Kumbe ndani yake mna pombe za aina tatu zilizotengenezwa kwa njia tofauti, na kopo moja linaweza kuwa na kilevi mara mbili na nusu ya lile lililo pembeni yake.

Tuanze na selza, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Watu hudhani ni maji ya gesi yaliyotiwa vodka kidogo. Zipo za hivyo, tutazifikia, lakini zilizovuma tangu 2016, yaani White Claw na Truly, si vodka. Kilevi chake hutokana na sukari iliyochachushwa. Kiwandani huyeyusha sukari ya miwa au ya mahindi kwenye maji, wakatia hamira, na hamira ikala ile sukari na kutoa alkoholi na gesi. Kwa jinsi ya utengenezaji, basi, selza iko karibu na bia kuliko na Konyagi, kwa sababu hakuna mahali mvuke umekusanywa na kupoozwa, kama inavyofanywa kwa pombe kali.

Kazi yenyewe si rahisi kama inavyosikika. Maji ya shayiri yanayopikiwa bia yana chakula chote ambacho hamira inahitaji, ila maji ya sukari tupu hayana kitu zaidi ya sukari. Hamira ikikosa naitrojeni na madini kama zinki huchoka njiani, na ikichoka hutoa harufu ya salfa, ile ya mayai viza. Tatizo jingine ni uchachu: maji ya sukari hayana cha kuuzuia usipande, kwa hiyo hupanda haraka mpaka hamira inasimama kabla sukari haijaisha. Ndiyo sababu mtengenezaji huilisha hamira virutubisho kwa awamu na kupima uchachu mara kwa mara. Kazi ikienda vizuri, anapata pombe kali kuliko anavyohitaji. Huipitisha kwenye mkaa maalumu wa kuchujia ili kuondoa rangi na harufu, huizimua kwa maji mpaka ifike asilimia 5 hivi, kisha hutia ladha, asidi ya sitriki na gesi. Ladha yote ya embe unayoisikia imeingia mwishoni kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Ili kupata asilimia 1 ya kilevi katika lita moja huhitajika kama gramu 17 za sukari. Kopo la mililita 355 lenye asilimia 5 kwa hiyo limeanza na karibu gramu 30 za sukari, vijiko saba vya chai na kitu, si mbali sana na soda ya kawaida. Lebo husema "sukari gramu 2," na ni kweli, kwa sababu nyingine imeliwa na hamira. Lakini haikupotea. Imegeuka gramu 14 za alkoholi, na kila gramu ya alkoholi ina kalori 7. Zidisha, utapata 98. Zile kalori 100 zinazotangazwa kwenye kopo kama ushindi wa wanaopunguza mwili ni za kilevi chenyewe, karibu zote.

Vinywaji vya kimea ni vya zamani zaidi. Kimea hapa ni shayiri iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa, sawa na tunavyofanya na ulezi au mtama wa togwa na pombe za kienyeji. Hupikwa bia kamili, yenye kidogo sana ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, halafu huchujwa mpaka rangi na ladha ya bia vinabaki kwa mbali tu. Juu yake hutiwa sukari, ladha ya matunda na asidi. Zima ya kampuni ya Coors, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa hivyo. Smirnoff Ice inayouzwa Marekani iko hivyo hadi leo, ingawa jina lake ni la vodka. Uingereza Smirnoff Ice ina vodka kweli. Jina ni lile lile, na pombe ya ndani ni nyingine.

Kwa nini mtu ahangaike kupika bia kisha aivue ubia wake? Sababu kubwa ni kodi na leseni. Zamani Wamarekani walikuwa na vinywaji vitamu vya divai na maji ya matunda. Tarehe 1 Januari 1991 kodi ya shirikisho kwenye divai ya kawaida ilipanda kutoka senti 17 hadi dola 1.07 kwa galoni. Watengenezaji wengi wakahamia kwenye kimea, wakabakiza chupa na ladha zile zile. Hata leo hesabu inasema hivyo hivyo. Kopo la mililita 355 lenye asilimia 5, kilevi chake kikitoka kwenye uchachushaji na likatozwa kama bia, hulipa kodi ya shirikisho ya senti kama 5. Kilevi hicho hicho kikitoka kwenye vodka, kwa kiwango cha kawaida cha pombe kali ni kama senti 13. Tena katika majimbo mengi bia huuzwa kwenye duka la vyakula na kituo cha mafuta, wakati pombe kali inaruhusiwa kwenye maduka maalumu tu. Pengo hilo la mahali pa kuuzia, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko zile senti nane.

Serikali nayo ilishtuka ikaona baadhi ya vinywaji hivyo vya "kimea" vinapata kilevi chao karibu chote kwenye ladha zilizoyeyushwa kwa pombe kali. Ikaweka kanuni iliyoanza kutumika 2006: kwa kinywaji kisichozidi asilimia 6, angalau asilimia 51 ya kilevi lazima itokane na uchachushaji wa kiwandani hapo. Kwa hiyo hata kopo halali la kimea linaweza kuwa na karibu nusu ya kilevi chake kutoka kwenye ladha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, angalizo moja la haraka. Neno kimea au "malt" kwenye chupa halithibitishi kwamba kuna kilevi, wala halithibitishi kwamba hakuna. Grand Malt haina kilevi, nayo imetokana na kimea. Kwa anayejiepusha na pombe kwa sababu ya dini, dawa au ujauzito, cha kutafuta ni asilimia ya kilevi, si jina wala picha.

Kokteli ya kopo ni habari nyingine. Hii ina pombe kali yenyewe, yaani tekila, ramu, jini au vodka, iliyochanganywa na vitu vingine kama ambavyo mhudumu wa baa angefanya. Ndani ya kundi hili kuna mbili zinazopishana sana. Kuna nyepesi kama High Noon, vodka na maji ya gesi na maji ya matunda, asilimia 4.5. Inaitwa selza nayo, ila ya vodka. Halafu kuna kokteli kamili kama margarita ya Cutwater, asilimia 12.5, kwenye kopo la mililita 355 lile lile.

Sasa tuyaweke makopo mezani tuyapime. Hesabu ni moja: ujazo mara asilimia, upate mililita za alkoholi safi, kisha zidisha kwa 0.789 upate gramu. White Claw ya kawaida: 355 mara 0.05 ni mililita 17.75, yaani gramu 14. Kwa Marekani hicho ndicho kipimo kimoja cha kinywaji. Margarita ya Cutwater: 355 mara 0.125 ni mililita 44, yaani gramu 35. Hapo umekunywa vipimo viwili na nusu, sawa na mililita 111 za tekila ya asilimia 40, au karibu toti nne za mililita 30, na bado mkononi una kopo moja tu. Anayejihesabia "nimekunywa mawili" baada ya margarita mbili za namna hiyo amekunywa matano.

Kwa upande mwingine, wanaoiona selza kama kitu cha kutisha wailinganishe na wanachokijua. Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina mililita 21 za alkoholi, gramu 16 na nusu. Imeizidi White Claw. Selza ya kawaida si kali kuliko bia. Tabu yake ni kwamba haina uchungu wa kukupunguzia kasi, na mtu mwenye kiu juani huimaliza kama maji. Tena jina lile lile la selza hutolewa kwa nguvu tofauti: White Claw Surge ni asilimia 8, na ikiwa kwenye kopo kubwa la mililita 473 inafika gramu 30, mara mbili ya ile ya kawaida na zaidi. Kopo kubwa na asilimia kubwa huzidishana. Anayetazama asilimia peke yake, au ukubwa wa kopo peke yake, atakosea.

Kujua kilevi kimetoka wapi bila kubahatisha, soma maandishi madogo ya nyuma. Kwa makopo ya Marekani, ukiona "malt beverage," ni kimea. Ukiona "alcohol from cane sugar," ni sukari iliyochachushwa. Pombe ikitajwa kwa jina, mathalani "tequila" au "vodka," ni kokteli au selza ya pombe kali. Selza ya sukari isiyo na kimea huko Marekani hufuata sheria za lebo za vyakula, ndiyo maana ina jedwali la virutubisho kama pakiti ya biskuti, wakati chupa nyingi za vodka hazina.

Na kabla ya kufungua, kitazame kitako cha kopo. Vinywaji vyenye sukari au maji ya matunda halisi hupashwa moto, huchujwa sana au hutiwa vihifadhi ili hamira yoyote iliyobaki isiamke. Ikiamka, huanza kula sukari ya ndani, gesi inaongezeka na kitako cha kopo kinatuna. Kopo lililokaa vizuri kitako chake kimebonyea kwa ndani na husimama wima mezani. Likiyumba, lirudishe dukani likiwa limefungwa.