Tanbihi namba 18 tuiweke wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa narekodi mswada wa historia ya Uhehe, hapa hapa Iringa, kwenye chumba changu cha Kihesa. Narekodi usiku, bodaboda zikishapungua. Ukurasa mmoja ulinikalisha karibu saa nzima kabla sijawasha maikrofoni. Sentensi yenyewe ni fupi: fuvu la Mtwa Mkwawa lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Mwishoni pana kinamba kidogo, 18, na chini ya ukurasa tanbihi inasema kwamba kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, wa mwaka 1919, kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita.

Anayesoma kwa macho hushuka chini, akapiga hesabu, akarudi juu ameduwaa: miezi sita imezaa zaidi ya miaka 30. Anayesikiliza hana chini ya ukurasa.

Tanbihi nyingi hazinipi shida. Zile zinazotaja chanzo tu, yaani mwandishi, mwaka, ukurasa na namba ya jalada, naziruka zote, na mwanzoni mwa rekodi namwambia msikilizaji kwamba atazikuta kwenye kitabu cha karatasi. Ukitaka kujua kwa nini, tamka mwaka 1891 kwa ukamilifu: elfu moja mia nane tisini na moja. Ni silabi 14. Tanbihi yenye miaka miwili na kurasa tatu ikiingia katikati, sentensi ikirudi msikilizaji ameshasahau ilikuwa inamzungumzia nani.

Lakini namba 18 ni habari, na kuiruka ni kumnyima mtu kitu. Ningeweza kusema "tanbihi", nikaisoma palepale, kisha nikasema "mwisho wa tanbihi". Kwa mwanafunzi asiyeona hiyo ndiyo njia ya haki, kwa sababu anahitaji kujua kila neno limekaa wapi kwenye kitabu. Kwa anayesikiliza ndani ya basi la Mbeya inakata simulizi. Ningeweza pia kuisubirisha hadi mwisho wa aya, ila aya ile inaendelea na hafla ya Kalenga na Gavana Twining, na huko mwisho ile miezi sita haiumi tena.

Nikampigia mwandishi. Tukakubaliana, naye akathibitisha kwa maandishi, tanbihi itangulie: kwanza mkataba na miezi yake sita, halafu, baada ya kituo kifupi, "Fuvu lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954." Hatukuongeza hoja yoyote, tulibadili mpangilio tu. Hata huo sibadilishi bila idhini, maana mpangilio wa hoja ni mali ya mwandishi.

Orodha zilikuwa nyepesi. Penye vidoto vinne nasema kwanza kwamba mambo ni manne, kisha narudia kitenzi kwa kila moja, ili sikio lijue bado tuko ndani ya orodha.

Alama za kunukuu ndizo zilizoniangusha. Sura ya tatu inaeleza barua ya ofisa mmoja wa Kijerumani, kisha mwandishi anaendelea kwa maneno yake mwenyewe: vikosi vilitumwa kuwatiisha "washenzi" wa nyanda za juu. Machoni, zile alama mbili zinatosha kuonyesha kwamba neno si la mwandishi. Mimi nililisoma kwa kulikaza kidogo, nikaamini nimelitenga.

Huwa namsikilizisha sura mzee wangu mmoja wa Kalenga, asiye na kitabu mkononi. Alipofika hapo alinyoosha kiganja nisimamishe.

"Mwanangu, nani huyo katuita washenzi?"

"Ni yule Mjerumani, babu."

"Mbona nimesikia sauti yako?"

Alikuwa sahihi. Kukaza sauti kulilipa neno nguvu tu, hakukuonyesha mwenyewe ni nani. Nukuu ndefu naweza kuibeba kwa kumtaja msemaji kwanza, kutulia kidogo, kupunguza mwendo, kisha kutulia tena nikitoka. Lafudhi ya Kijerumani siigizi. Neno moja halina nafasi ya hayo yote. Linahitaji kitenzi. Kwa ruhusa ya mwandishi tukaweka: "kuwatiisha watu wa nyanda za juu, ambao ofisa huyo aliwaita washenzi."

Kesho yake asubuhi nikarekodi sentensi hiyo peke yake, nikaipachika. Haikukaa. Sauti ya asubuhi ilikuwa nzito, na nyuma yake mvua ilikuwa inagonga bati, wakati sentensi za jirani zilikuwa za usiku mkavu. Nikangoja siku mbili mvua ikatike, nikarudia aya nzima saa nne usiku, nimekaa umbali uleule na maikrofoni. Safari hii mzee hakunyoosha kiganja. Aliniuliza tu barua ile ipo wapi sasa, na hilo lilikuwa kwenye tanbihi inayofuata.