Rutini ya beshte, na wewe ndo kwanza waanza jimu

Swali: Nakaa Likoni, kazi yangu kubeba magunia Kongowea. Beshte yangu amepiga chuma miaka 6, amenitumia rutini yake kwa wasap: Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mabega, Alhamisi mikono, Ijumaa miguu. Kifua peke yake seti 20, kila seti mpaka chuma kigome. Wiki ya pili hii, na Ijumaa zote sijaenda, nachoka sana. Niendelee?

Hapana, simamisha. Si kwamba wewe ni mvivu, hiyo rutini imeshonwa kwa mwili mwingine na wiki nyingine.

Iangalie wiki yako vile inavyokwenda kikweli. Ukisukuma benchi Jumatatu, kinachofanya kazi si kifua tu, mbele ya bega na trisepsi, huo msuli wa nyuma ya mkono, nao wasukuma. Jumatano mabega, trisepsi ni zile zile tena, Alhamisi mikono, trisepsi mara ya tatu ndani ya siku 4 na zote mpaka kugoma. Halafu Ijumaa huendi, kwa hivyo miguu imepata sifuri wiki mbili. Hapo ndo ubaya wa kugawa mwili siku 5, kiungo kama miguu kina siku yake moja tu, ukikosa siku hiyo wangoja wiki nzima, na kazi yako ni ya kukosa siku.

Mgongo nao waumia kimyakimya manake umebeba magunia tangu alfajiri, hiyo tayari ni kazi ya kiuno na mgongo, beshte haihesabu kwa sababu yeye habebi. Jumanne jioni ukienda kuinua chuma toka chini huku kiuno kimechoka, mkao wa mwili waharibika na hapo ndo watu hujiumiza.

Jambo jengine, seti 20 kwa siku moja. Anayeanza hahitaji hizo, msuli mpya wakua kwa seti chache sana, na baada ya zoezi kazi ya mwili kuujenga hupanda halafu ndani ya siku 2 hivi inakaribia kurudi kawaida. Kwa hivyo kifua chako chajengwa mwanzo wa wiki halafu chakaa bure mpaka Jumatatu nyengine. Yeye miaka 6 mwili umezoea, anahitaji kazi nyingi ndo usogee. Na kama kuna sindano za steroidi hapo kati, siwezi kusema anatumia, lakini anayetumia hupona tofauti kabisa, usijipime naye.

Swali: Sasa nipige vipi na Ijumaa na Jumamosi ndo kazi inazidi?

Jumapili na Jumatano, basi, mwili mzima siku zote mbili. Skwoti seti 3, benchi seti 3, kuvuta dambeli kwa mgongo seti 3, mabega seti 2, kila seti mara 8 mpaka 10 na uache ukiwa bado ungeweza mara 2 zaidi. Yote yachukua muda wa kama saa moja, hivyo wawahi feri. Kifua chapata seti 6 kwa wiki lakini mara mbili, na ukikosa Jumatano hakuna kiungo kilichoachwa kabisa.

Andika uzito kwa simu. Seti zote 3 zikifika 10, ongeza kilo 2.5. Kama uzito ni ule ule, usingizi ni ule ule, na wiki mbili mfululizo umeshuka kutoka 10 mpaka 7, ujue hujapona, punguza seti kabla hujaanza kulaumu chakula.

Swali: Beshte asema maumivu ndo dalili misuli yakua. Kweli?

Si kipimo. Maumivu ya zoezi geni huanza kesho yake, yazidi siku ya pili au ya tatu, halafu yatulia, na ukirudia zoezi lile lile hupungua ingawa msuli waendelea kukua. Kifua kinachouma mpaka Alhamisi hakithibitishi kwamba chakua.

Ila kuna maumivu ya kuogopa, na joto letu hili na kufanya kazi bila maji laongeza hatari. Mkono ukifura, kiwiko kikakataa kunyooka, au mkojo ukawa wa rangi ya soda nyeusi, huenda misuli inavunjika na yale yanayotoka ndani yake yaweza kuharibu figo, yakhe usingoje asubuhi wala usinywe dawa ya maumivu ukalala, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari zoezi ulilofanya na lini ulilifanya.