Stenti haimalizi kazi ya vidonge

“Mshipa wa moyo umeshazibuliwa, na fizi zinanitoka damu nikipiga mswaki. Si niache klopidogreli, hii dawa ya kuzuia damu kuganda?”

Usiiache. Stenti ni wavu wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi, na mwili huchukua miezi kuufunika kwa utando wake. Kabla ya hapo damu inaweza kuganda juu yake na kuziba mshipa ghafla. Huo ni mshtuko wa moyo, na huua. Ndiyo maana aspirini na klopidogreli huenda pamoja, kwa kawaida miezi 6, au 12 kama stenti iliwekwa kwa sababu ya mshtuko. Anayetokwa damu kwa urahisi hupunguziwa muda, lakini na daktari wake wa moyo. Hata jino hung’olewa bila kuacha dawa: kidonda hushonwa, unang’ata shashi. Choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, ndicho cha kukukimbiza hospitali.