Bidhaa ipi iondoke kiwandani? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Bidhaa inayoonyesha hasara kwenye hesabu ndiyo ya kufuta.

Chukua kiwanda kidogo kinachooka mikate, keki ndogo na biskuti kwa oveni moja. Gharama za kudumu, yaani pango, mishahara na ulinzi, ni 600 kwa mwezi, na mhasibu amezigawa sawa: 200 kwa kila bidhaa. Mauzo ya keki kwa mwezi ni 500. Ukitoa 380 za unga, mayai, sukari na vifungashio, inabaki 120. Ukiondoa na ile 200, keki zina hasara ya 80, na mwenye kiwanda anataka kuzifuta.

Ila pango halipungui kwa sababu keki hazipo. Ile 120 ndiyo mchango wa keki katika kulipa gharama za kudumu. Mikate inachangia 450, biskuti 240, jumla 810, na faida ni 210. Futa keki, faida inashuka hadi 90. Hasara ile ya 80 ilitokana na mgawanyo tu. Kama kuna gharama ya kudumu inayokoma keki zikifutwa, mfano mashine iliyokodiwa kwa ajili yake, hiyo tu ndiyo uitoe kwenye mchango wake.

Dhana: Basi yenye mchango mdogo ndiyo iondoke.

Oveni ikiwa imejaa, gawa mchango kwa saa za oveni. Mikate inatumia saa 60, kwa hiyo 7.5 kwa saa. Keki saa 20, ni 6. Biskuti saa 60, ni 4 tu. Aliyekuwa wa pili kageuka wa mwisho.

Kisha fungua ankara. Maduka 30 yananunua keki, na 24 kati yake huchukua mikate kwenye ankara hiyohiyo. Mikate yao inachangia 300. Wanunuzi wa biskuti ni 12, na mmoja tu ndiye anayechukua mikate. Anayegusa keki anagusa mikate pia.

Dhana: Wateja wote 24 watahama.

Hapa watu hutishika kupita kiasi. Tafuta wiki ambayo keki ziliadimika, uone oda za mikate za maduka hayo zilishuka kiasi gani. Zikishuka kwa theluthi, kufuta keki kunagharimu 120 za keki na 100 za mikate. Wiki moja inaweza kudanganya, kwani duka huvumilia uhaba mfupi. Waulize wenyewe pia.

Kwa kiwanda hiki ningefuta biskuti, kwa sharti moja: saa zilizoachwa zipate kazi. Kufidia 240 kwa mikate kunahitaji saa 32 za oveni, na mikate hiyo iwe na wanunuzi kwa bei ileile. Oda za ziada zikijaza saa 20 tu, mikate italeta 150, na biskuti zibaki.